Mteja mmoja anachukua robo tatu ya mzigo wangu, sasa anataka zaidi

*Shikamoo shangazi,*

*Nina kiwanda kidogo cha siagi ya karanga hapa Dodoma. Nyumba ya kupanga, mashine moja ya kusaga, vijana wanne, na alama ya TBS ninayo. Kwa mwezi natoa chupa 2,000 za gramu 400. Kati ya hizo 1,500 zinakwenda kwa mteja mmoja, supamaketi yenye matawi kadhaa Dar. Zile 500 nauza hapa mjini, madukani na kwa watu wa maofisini, pesa mkononi.*

*Bei ni 5,000 kwa wote, ila supamaketi wananikata asilimia 5 ya promosheni, na chupa wanazorudisha zinanila kama asilimia 3 nyingine. Mkataba unasema nilipwe ndani ya siku 60, lakini pesa inaingia kwenye siku ya 75 hivi. Karanga, chupa, lebo, umeme na nauli ya Dar vinanigharimu 3,300 kwa chupa, za hapa mjini 3,200. Kila mwezi, niuze nisiuze, kuna mishahara 1,000,000, pango 400,000, rejesho la mkopo 600,000 na mengineyo 150,000. Benki nina milioni 3.*

*Sasa meneja wao wa manunuzi anataka chupa 3,000 kwa mwezi, kwa bei ya 4,800. Mume wangu anasema tukope tununue mashine ya pili na kuongeza vijana wawili. Rejesho la mkopo huo litakuwa 700,000 kwa mwezi. Dada yangu anasema hawa watu wakiondoka nimekwisha, nianze kujitoa mapema. Shangazi, hawa ndio walionitoa. Niwaache kweli?*

*Mama wa Karanga, Dodoma*

---

Marahaba mwanangu.

Usiwaache. Na hizo 3,000 usizikubali kwa masharti hayo. Umenipa hesabu zote ninazohitaji, jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawafanyi, kwa hiyo twende nazo polepole.

Chukua kwanza chupa moja inayokwenda Dar. Toa makato yao na hasara ya zinazorudi, unabaki na 4,600. Toa 3,300 ya kuitengeneza na kuifikisha, unabaki na 1,300. Chupa ya hapa mjini inakuachia 1,800. Kwa mwezi supamaketi inakuletea 1,950,000 na mji wako 900,000, jumla 2,850,000. Yale malipo ya lazima yanafika 2,150,000, kwa hiyo faida yako ni 700,000. Ona hapo kwamba wateja wako wadogo, ambao kwenye mauzo ni robo tu, kwenye kinacholisha kiwanda wanakaribia theluthi. Tena wanalipa siku hiyo hiyo.

Sasa waondoe supamaketi. Zinabaki 900,000 dhidi ya 2,150,000, na kila mwezi unapoteza 1,250,000. Milioni 3 zako zinakuvusha miezi miwili na siku chache. Ukipunguza vijana wawili mapema, hasara inashuka hadi 750,000 na unavuka miezi minne. Hiyo ndiyo hali yako halisi. Ni mbaya, lakini mtu mwenye miezi minne mkononi bado anaweza kutafuta wateja.

Dada yako anaogopa wasije wakaondoka. Mimi naogopa zaidi wasije wakaanguka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mteja anayeondoka anakulipa ya nyuma kisha anakwenda zake. Anayeanguka anaondoka na mali yako. Kwa siku 75, mzigo wako wa miezi miwili na nusu uko mikononi mwao bila kulipwa: chupa 3,750, sawa na shilingi 18,750,000 kabla ya makato. Faida yako ya mwezi ni 700,000. Pesa hizo zikizama, utahitaji zaidi ya miaka miwili ya faida kuzirudisha, na hapo tunajidanganya kwamba kiwanda kitaendelea kupata faida ile ile bila wao. Umekuwa ukijiita muuzaji, kumbe nusu ya kazi yako ni kukopesha. Unampa mtu mali kauli kila mwezi, bila dhamana na bila riba, huku wewe mwenyewe unalipa rejesho la 600,000.

Wafanyabiashara wa Dar wa umri wangu hawahitaji kuelezwa hili mara mbili. Mwaka 2014 Nakumatt ya Kenya ilichukua maduka ya Shoprite hapa nchini, na waliokuwa na bidhaa walifurahia kupata rafu. Oktoba 2015 Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, ikatangaza kufunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Nakumatt nayo, rafu zilianza kuwa tupu mwaka 2017, Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Kampuni inapofika huko, wenye dhamana ndio hutangulia kulipwa, hasa mabenki. Aliyepeleka maziwa, mikate au karanga kwa ankara tupu anasubiri makombo. Sisemi mteja wako yuko huko. Nasema kwamba ukubwa wa duka haukuambii kama litakulipa.

Ndiyo maana lile ombi la chupa 3,000 linanitia wasiwasi. Kwa bei ya 4,800, ukitoa asilimia zao 8, unabaki na 4,416. Toa 3,300, inabaki 1,116 kwa chupa, yaani 3,348,000 kwa mwezi. Umepanda kutoka 1,950,000, ongezeko la 1,398,000, na mume wako akiona namba hiyo ana haki ya kufurahi. Lakini toa rejesho jipya la 700,000, toa vijana wawili 500,000. Umebaki na 198,000. Kwa hizo 198,000 za mwezi, deni lililoko kwao linapanda kutoka 18,750,000 hadi milioni 36. Na mzigo huo wa ziada utautengeneza kwa pesa gani? Karanga na chupa hulipiwa leo, wao wanalipa baada ya siku 75. Hapo kabla ya mkopo wa mashine kuisha utakuwa umeshachukua mwingine wa kununulia karanga, na hata hizo 198,000 hutaziona.

Kuna jingine ambalo halipo kwenye hesabu. Leo, wakikuzingua, una kiwanda cha chupa 2,000 na unaweza kukipunguza. Ukishafunga mashine ya pili kwa ajili yao, kila mara meneja akitaka bei ishuke utashuka, kwa sababu rejesho linakungoja tarehe fulani. Na mameneja hao wanalijua hilo vizuri kuliko unavyodhani.

Basi lengo liwe nini? Watu wengi hupenda kutaja asilimia, kwamba mteja mmoja asizidi theluthi au robo ya mauzo. Kwako wewe asilimia hazisaidii. Unaweza kuifikia kwa kumpunguzia tu supamaketi mzigo, na ukabaki maskini mwenye mgawanyo mzuri. Jiulize badala yake: bila wao, ni chupa ngapi zinatosha kiwanda kisifungwe? Kiwanda kidogo, cha vijana wawili, kinahitaji 1,650,000 kwa mwezi. Mji wako unaleta 900,000, kwa hiyo pengo ni 750,000. Wateja wapya hawatakuachia 1,800 kama wa sasa, kwa kuwa kutakuwa na bodaboda za kupeleka, bei ya jumla na mmoja mmoja asiyelipa. Weka 1,500. Pengo linazibwa na chupa 500. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani: kutoka chupa 500 hadi 1,000 nje ya supamaketi. Siku ukiifikia, meneja akikupigia simu kukwambia wamepata mwingine, utaumia lakini hutafunga.

Chupa 500 zinatisha ukizitazama kwa pamoja. Zigeuze ziwe katoni za chupa 12, ni katoni 42 kwa mwezi. Mimi ningezitafuta sehemu tatu, nikianza na maduka ya mtaani. Maduka 20 yanayomaliza katoni moja kila moja kwa mwezi yanakupa chupa 240. Usitawanyike mji mzima. Chagua njia mbili ambazo bodaboda anaweza kuzimaliza kwa siku moja, tuseme moja ya upande wa chuo kikuu, UDOM, kwa sababu mwanafunzi mwenye mkate na chai ni mlaji wako, na nyingine ya mitaa wanakoishi watumishi wa serikali. Mangi atakuomba mali kauli, na ukikataa kabisa hataweka bidhaa asiyoijua. Mpe katoni ya kwanza, na ya pili aipate akishalipa ya kwanza. Usiruhusu katoni mbili za deni duka moja hata kama anakuita dada. Kwa utaratibu huo maduka yote 20 yakikudhulumu siku moja, umepoteza chupa 240, ambazo thamani yake ni 1,200,000. Linganisha na ile milioni 18.

Ukiona chupa ya gramu 400 inakaa dukani kwa sababu bei ya rejareja, tuseme 6,000, ni pesa nyingi kwa mara moja, fikiria kopo dogo. Ila kwanza waulize TBS kuhusu ujazo na lebo mpya kabla ya kuagiza makopo, na upige upya hesabu ya faida. Kopo dogo na kifuniko chake vinakula sehemu kubwa zaidi ya bei kuliko vile vya chupa kubwa, na wengi huuza sana wakajikuta hawana kitu.

Sehemu ya pili ni muuza jumla wa mkoa mwingine, Singida, Morogoro au Iringa, anayechukua katoni 10 na kulipa kabla mzigo haujapanda basi. Huyu atataka 4,700 au hata 4,600. Mpe. Chupa yake itakuachia kiasi kinachokaribia ile ya supamaketi, na pesa unaipata leo. Hizo ni chupa 120, na atakufunza bei ya mkoa huo bila wewe kufungua ofisi.

Zilizobaki 140 zitoke kwenye hoteli na nyumba za wageni zinazotoa kifungua kinywa. Hapa kuna mtego wa Dodoma ambao wewe unaujua: Bunge likiwa linakaa, hasa lile la bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, vyumba vinajaa na oda zinapanda. Likiahirishwa, zinanywea. Kadiria hoteli kwa mwezi wa kawaida, usikadirie kwa Mei. Shule za bweni sijaziweka kwa makusudi. Zinanunua vizuri, lakini malipo yanafuata ada, na Juni na Desemba wanafunzi hawapo. Zichukue baadaye, kama nyongeza.

Utaona sikukutuma kwenye supamaketi nyingine ya Dar, ingawa ndiyo njia inayokuja kichwani haraka. Ukiwa na supamaketi mbili zinazolipa siku 60, una majina mawili kwenye daftari lakini tatizo ni lile lile. Mwezi pesa ikikauka mjini, zote mbili zitachelewa. Vivyo hivyo jihadhari na msambazaji anayekuja kwa furaha kuchukua katoni 80. Muulize anazipeleka wapi. Akikwambia ni matawi ya supamaketi yako yale yale, hujapata mteja mpya, umeongeza dalali.

Na mgawanyo wa wateja hauwezi kukukinga na kila kitu. Ukisaga karanga zenye sumukuvu, wateja wote wataondoka siku moja, wakubwa kwa wadogo. Kukaanga hakuiondoi yote. Nunua zilizokauka sawasawa, chambua zilizooza na zenye ukungu, na pima.

Mtaji wa chupa hizo 500, karanga na chupa zake, ni kama 1,600,000 kwa mwezi wa kwanza, na nyingi zitarudi haraka. Usikope. Pesa yako iko Dar. Mkataba unasema siku 60, wewe unalipwa 75. Siku 15 hizo ni nusu mwezi wa mzigo, 3,750,000. Ukiwarudisha kwenye mkataba wao wenyewe, umepata mtaji wa kuanzia bila riba.

Mara nyingi kuchelewa huko hakutokani na ubaya, kunatokana na karatasi. Mzigo unashushwa tawini, karani anasaini hati ya kupokea, hati inabaki kwa dereva, ankara inafika makao makuu baada ya siku 10, na mhasibu anaanza kuhesabu 60 zake siku alipoiingiza. Safari ijayo, hati igongwe muhuri na kusainiwa kila tawi, ipigwe picha hapo hapo, na ankara pamoja na risiti ya EFD zifike kwa mhasibu siku hiyo au kesho yake, naye asaini kuwa kapokea. Kila mwisho wa mwezi mtumie orodha ya ankara zote ambazo hazijalipwa, tarehe kwa tarehe, umwombe athibitishe kwa maandishi. Siku ya 50 piga simu, mwulize tu kama kuna karatasi inayokosekana. Usisubiri siku ya 75 ndipo ulalamike. Mjue mhasibu kwa jina, maana meneja wa manunuzi ndiye anayeagiza, lakini hundi haitoki kwake.

Halafu jiwekee ukomo. Mimi ningesema milioni 15, ambayo ni mzigo wa siku 60 kwa kasi ya sasa. Deni likigusa hapo, gari halipandi Dar mpaka walipe ankara ya zamani zaidi. Mara ya kwanza utatetemeka kusema hivyo. Sema kwa upole kwamba umeishiwa mtaji wa karanga, jambo ambalo ni kweli.

Kuhusu 3,000, mjibu meneja kwa barua fupi, usikatae wala usikubali. Mwambie unaweza kuongeza, kwa bei ya 5,000 au kwa 4,800 bila makato ya promosheni, oda iwe ya maandishi ya miezi 6, chupa za nyongeza zilipwe nusu mzigo unapopokelewa, na upande wowote ukitaka kusimamisha utoe taarifa ya siku 60. Akikubali hayo mengine lakini akakataa taarifa ya siku 60, bado usinunue mashine. Jaribu kwanza kuongeza saa za mashine iliyopo. Na ikitokea mashine haitoshi kwa wote, chupa ya mangi itoke kwanza, kwani ya Dar inakuachia 1,300 na ya kwake 1,500.

Anaweza kukasirika na kumpa kazi mwingine. Nakwambia ili usije ukashangaa. Ndiyo sababu barua hiyo itangulizwe na wiki chache za kukusanya madeni na kuzungukia maduka, usiiandike kesho.

Wakati huo wote fungua macho. Mtume mtu atembelee matawi mara moja kwa mwezi, si kuangalia bidhaa zako tu. Kama rafu za unga, mafuta na sabuni zina mapengo, wauzaji wakubwa wameshasimamisha mzigo, na wao huwa na taarifa kabla yetu. Uliza kama mashine za kulipia kaunta zinafanya kazi, wafanyakazi wamelipwa lini, muuza mikate bado analeta kwa mkopo au anataka pesa taslimu. Wakianza kukulipa vipande vipande, milioni moja leo, laki tano wiki ijayo, usiku huo huo punguza mzigo. Na wakifungua tawi jipya huku ankara zako za Machi hazijalipwa, jua tawi hilo limejengwa na pesa zako.

Mume wako mwonyeshe ile 198,000. Usimwambie kuwa amekosea, mwombe mkae na mpige hesabu upya pamoja, mkiweka bei ya karanga ya Januari na si ya wakati wa mavuno. Nimetumia 3,300 uliyonipa. Kama hiyo ni bei ya Mei au Juni, karanga zikiwa tele, basi ikipanda kwa shilingi 70 tu kwa chupa, ukizidisha mara 3,000 ni 210,000, na ile faida yote ya nyongeza imekwenda.